Umegawa kwa Ngapi? Kutafuta Hitilafu za Digrii za Uhuru kwa Kuyakagua Mabaki

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye variansi yake hailingani na ya mwenzake, au programu imemwandikia digrii za uhuru asizozitarajia, na kila anayemuuliza humjibu "gawa kwa n − 1, ndivyo ilivyo", n ikiwa idadi ya vipimo. Hitilafu nyingi za aina hii hujitokeza ukiyatazama mabaki, yaani kile kinachobaki ukichukua kipimo na kukitoa kadirio lake. Vipimo vitakavyotumika hapa ni hivi vitano:

4, 7, 6, 9, 14

Jumla yake ni 40 na wastani ni 8. Mabaki, kwa mpangilio uleule, ni −4, −1, −2, 1 na 6. Yajumlishe, utapata sifuri. Ni lazima iwe hivyo, kwa sababu jumla ya mabaki ni jumla ya vipimo ukiondoa wastani mara tano, na wastani mara tano ndiyo jumla yenyewe ya vipimo.

Kabla ya kwenda kwenye dalili, funika baki moja kwa kidole, lolote upendalo. Tuseme umefunika −2. Yanayoonekana ni −4, −1, 1 na 6, na jumla yake ni 2. Kwa kuwa yote matano lazima yatoe sifuri, lililo chini ya kidole haliwezi kuwa jingine ila −2. Sasa funika mawili. Utajua jumla yake, lakini kila moja ni ngapi hutajua. Kwa hiyo ukishajua mabaki manne, la tano halikuelezi jambo jipya. Hayo manne ndiyo digrii za uhuru, na jaribio hili la kufunika ndilo tutakalolitumia kila mahali hapa chini.

Dalili: data ni ileile, programu mbili zinatoa mikengeuko sanifu miwili

Mmoja anapata 3.41, mwingine 3.81. Hakuna aliyekosea kuingiza namba. Mabaki yakipandishwa kipeo cha pili na kujumlishwa yanatoa 16 + 1 + 4 + 1 + 36 = 58. Ukigawa 58 kwa 5 unapata variansi ya 11.6, na kipeuo chake cha pili, yaani mkengeuko sanifu, ni 3.41. Ukigawa kwa 4 unapata 14.5, na kipeuo chake ni 3.81. Tofauti yote imo kwenye kigawanyo.

Chanzo ni mipangilio ya awali ya programu. `numpy.std` hugawa kwa n usipoiambia vingine, ilhali `std` ya pandas hugawa kwa n − 1, na watu wengi hunaswa hapo kwa sababu maktaba hizo mbili hutumika pamoja katika faili moja. `sd` ya R hugawa kwa n − 1. Excel inakuachia uchague: `STDEV.P` hugawa kwa n na `STDEV.S` kwa n − 1. Kwenye numpy tiba ni neno moja:

```python
import numpy as np
x = np.array([4, 7, 6, 9, 14])
print(np.std(x))          # 3.4058...
print(np.std(x, ddof=1))  # 3.8078...
```

Hiyo `ddof` ni idadi ya digrii unazopunguza kutoka n. Ikiwa vipimo hivyo vitano ndivyo vyote vilivyopo duniani vya kitu unachokieleza, gawa kwa 5. Ikiwa ni sampuli, na unachotaka ni variansi ya kundi zima ilikotoka, gawa kwa 4. Lakini kwa nini 4 iwe sawasawa, isiwe 4.5 au 3? Jibu liko kwenye dalili inayofuata, na ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha jambo zima.

Dalili: unagawa kwa n − 1 lakini huamini

Lalamiko hutolewa hivi: "Vipimo vyote vitano nilivipima mwenyewe. Cha tano hakikulazimishwa na chochote. Mbona mnaniambia kimepoteza uhuru?"

Mlalamikaji ana haki, ila analaumu kitu kisichohusika. Vipimo vyote vitano ni huru. Kilichofungwa ni mabaki, na yalifungwa pale ulipokokotoa 8 kutokana na vipimo hivyohivyo. Wala si baki la tano hasa lililofungwa: ulipofunika −2 ulikuwa umefunika la tatu. Sharti ni moja na linayashika yote kwa pamoja.

Sasa tuone sharti hilo linagharimu kiasi gani. Chukulia kwamba wastani wa kweli wa kundi zima unajulikana kutoka kwingine, nao ni 7. Hapo huhitaji kukadiria chochote. Tofauti za vipimo kutoka 7 ni −3, 0, −1, 2 na 7. Jumla yake ni 5, si sifuri, na ukifunika moja huwezi kuikisia. Zote tano ni huru. Vipeo vyake vya pili vinajumlika kuwa 9 + 0 + 1 + 4 + 49 = 63.

Linganisha 63 na 58 tuliyoipata kwa kutumia wastani wa sampuli. Pengo ni 5, nalo ni sawa kabisa na 5 × (8 − 7)², yaani idadi ya vipimo mara kipeo cha pili cha kosa la wastani wetu. Hili ni kweli daima, kwa data yoyote. Wastani wa sampuli umevutwa na vipimo vyenyewe mpaka mahali ambapo jumla ya vipeo vya pili ni ndogo kuliko popote pengine, kwa hiyo 58 itakuwa pungufu kila mara, isipokuwa wastani wako uangukie juu ya wastani wa kweli.

Ni pungufu kwa kiasi gani, ukichukua sampuli nyingi? Variansi ya kweli tuiite σ². Vipimo vikiwa havitegemeani, kipeo cha pili cha kosa la wastani huwa kwa kawaida σ²/n. Zidisha kwa n na unapata σ² moja kamili. Jumla iliyopimwa kutoka wastani wa kweli ingekuwa na σ² tano. Ile iliyopimwa kutoka wastani wa sampuli imepungukiwa na moja, inabaki na nne. Ndiyo maana unagawa kwa 4. Kidole kilihesabu mabaki manne yaliyo huru, na aljebra imehesabu σ² nne. Ni hesabu ileile kwa njia mbili.

Dalili: mabaki yako hayajumliki kuwa sifuri

Tazama kwanza ukubwa wa kilichobaki. Kompyuta ikikuonyesha namba inayoishia na `e-15` au `e-16`, hiyo ni sifuri. Mashine haihifadhi desimali zote. Ukikokotoa kwa mkono pia kuna ukadiriaji: vipimo 4, 7 na 9 vina wastani wa 6.67, mabaki yake yanakuwa −2.67, 0.33 na 2.33, na jumla ni −0.01. Achana nayo, ila wakati wa hesabu usikate desimali mapema.

Ikiwa jumla ni kubwa, uliza kadirio lilitoka wapi. Swali hili lina uzito kuliko namba zenyewe, na data yetu inaonyesha vizuri kwa nini. Mediani ya 4, 6, 7, 9, 14 ni 7. Mtu aliyetumia mediani atapata tofauti −3, 0, −1, 2, 7 zenye jumla ya 5, zilezile za mtu aliyepewa wastani wa kweli wa 7 kutoka nje. Ukiwawekea karatasi zao mbili mezani huwezi kuzitofautisha. Hata hivyo mmoja anaruhusiwa kugawa 63 kwa 5, kwa sababu 7 yake haikutokana na data hii. Mwenzake haruhusiwi, kwa sababu 7 yake imetolewa humuhumu. Na asigawe kwa 4 pia, kwa kuwa mediani huweka sharti la namna nyingine: vipimo vilivyo juu yake na vilivyo chini yake viwe sawa kwa idadi. Kanuni ya n − 1 haikujengwa juu ya sharti hilo. Akitaka variansi, arudi kwenye wastani.

Chanzo kingine cha jumla isiyo sifuri ni mstari uliolazimishwa kupita kwenye sifuri, lakini hicho kinahitaji tufike kwanza kwenye mistari.

Dalili: umechora mstari, ukatarajia n − 1, programu imeandika n − 2

Vipe vipimo vyetu thamani za x: 1, 2, 3, 4, 5 kwa mfuatano. Mstari unaopunguza kabisa jumla ya vipeo vya pili vya mabaki ni y = 1.4 + 2.2x. Makadirio yake ni 3.6, 5.8, 8.0, 10.2 na 12.4, hivyo mabaki ni:

0.4, 1.2, −2.0, −1.2, 1.6

Jumla ni sifuri tena. Lakini fanya jambo moja zaidi: zidisha kila baki kwa x yake, kisha jumlisha. 0.4 + 2.4 − 6.0 − 4.8 + 8.0 = 0. Hili ni sharti la pili. La kwanza limeletwa na kimo cha mstari, yaani 1.4, la pili na mteremko wake, yaani 2.2. Ukifikiri kidogo utaona kwamba lazima liwepo: kama mabaki yangeendelea kupanda au kushuka pamoja na x, ungeweza kuukaza au kuulegeza mteremko ukapata mstari bora zaidi, kwa hiyo huu usingekuwa bora.

Sasa kidole kinaweza kufunika mawili. Funika −1.2 na 1.6. Yaliyo wazi yanajumlika kuwa −0.4, basi mawili yaliyofichwa yanajumlika kuwa 0.4. Yaliyo wazi yakizidishwa kwa x zake yanatoa 0.4 + 2.4 − 6.0 = −3.2, basi baki la nne mara 4 pamoja na la tano mara 5 lazima vitoe 3.2. Kama yote mawili yangezidishwa kwa 4 yangetoa 1.6, ziada ya 1.6 imetokana na la tano kuhesabiwa mara moja zaidi. La tano ni 1.6, la nne ni −1.2. Ukifunika matatu hufiki popote. Digrii za uhuru ni 3.

Vipeo vya pili vya mabaki hayo vinajumlika kuwa 9.6. Gawa kwa 3 upate 3.2, ambayo kipeuo chake ni 1.789. Ukiifanya kazi hii kwenye R utaisoma namba hiyo karibu na mwisho wa ripoti:

```
Residual standard error: 1.789 on 3 degrees of freedom
```

Ukigawa kwa 4 kwa mazoea, utapata 1.549 na utadhani mstari wako una uhakika kuliko ulivyo.

Rudi sasa kwa yule aliyelazimisha mstari upite sifuri. Mteremko wake ni 142/55, karibu 2.58, na mabaki yake ni takriban 1.42, 1.84, −1.75, −1.33 na 1.09. Jumla ni 1.27. Wengi wakiona hivyo husema mabaki hayana sharti, basi wanagawa kwa 5. La hasha. Zidisha kila moja kwa x yake na ujumlishe: sifuri, ukiacha ukadiriaji. Sharti la kimo limeondoka kwa kuwa kimo hakikukadiriwa, lakini la mteremko limebaki. Digrii ni 4. Kwa hiyo jumla ya sifuri ni dalili ya sharti moja mahususi tu, lile la kimo. Kinachohesabiwa ni masharti mangapi kwa jumla, na kila kigezo kilichokadiriwa kutoka kwenye data huleta lake.

Kuna mtego mdogo hapa. Ukiongeza safu wima ya pili yenye x ileile kwa kipimo kingine, tuseme mita badala ya sentimita, utatarajia digrii zishuke hadi 2, lakini R itabaki na 3 na kuandika `NA` kwenye kigezo kimoja. Haijakosea. Sharti la safu mpya ni lile la zamani likizidishwa kwa namba fulani, na kulirudia hakufungi baki jingine.

Dalili: kila baki ni sifuri, au jibu ni `NaN`

Ukichora mstari kwa vipimo viwili tu, utapita katikati ya vyote viwili. Mabaki ni 0 na 0. Masharti mawili, mabaki mawili, hakuna kilichosalia cha kupima makosa: 0 ikigawanywa kwa 0. R hukuambia waziwazi:

```
ALL 2 residuals are 0: no residual degrees of freedom!
```

Kipimo kimoja na wastani wake ni hali ileile. `sd(4)` kwenye R hutoa `NA`, `STDEV.S` hutoa `#DIV/0!`, na numpy yenye `ddof=1` hutoa `nan`. Hapa ndipo kugawa kwa n kunapoonyesha ubaya wake, kwa sababu kungekupa variansi ya 0, yaani kungedai kwamba kipimo kimoja kimethibitisha kuwa hakuna tofauti yoyote katika kundi zima. Tiba ni kuongeza vipimo au kupunguza vigezo. Hakuna ya tatu.

Dalili: ulijaribu kwa sampuli za kubuni na mkengeuko sanifu bado ni mdogo

Huyu ni mtu makini. Ametengeneza sampuli 100,000 za vipimo vitano kutoka kwenye mgawanyo wa kawaida wenye mkengeuko sanifu wa 10:

```python
rng = np.random.default_rng(1)
x = rng.normal(50, 10, size=(100000, 5))
print(x.var(axis=1, ddof=0).mean())
print(x.var(axis=1, ddof=1).mean())
print(x.std(axis=1, ddof=1).mean())
```

Mstari wa kwanza unamtolea karibu 80, wa pili karibu 100, sawasawa na tulivyosema: nne ya tano ya 100 ni 80. Lakini wa tatu unampa karibu 9.4, naye alitarajia 10. Hakuna kilichoharibika. Kugawa kwa n − 1 kunanyoosha variansi. Kipeuo cha pili ni mkunjo, na wastani wa vipeuo huwa chini ya kipeuo cha wastani. Kwa sampuli za watano kutoka mgawanyo wa kawaida, upungufu ni asilimia 6, nao hufifia haraka sampuli zikikua. Usiongeze wala kupunguza digrii ili kuuziba. Si kazi yake.

Dalili: kila ukaguzi umepita, na bado majibu yana uhakika wa kupita kiasi

Hii ndiyo ngumu kuigundua, kwa sababu mabaki yanajumlika kuwa sifuri kama kawaida. Chukua vipimo vyetu vitano na uvinakili, uwe na safu kumi: kila kimoja mara mbili. Wastani ni 8 uleule. Vipeo vya pili vinajumlika kuwa 116. Programu inahesabu safu, inaona kumi, inagawa kwa 9 na kupata 12.9 badala ya 14.5. Baya zaidi liko kwenye kosa sanifu la wastani, yaani mkengeuko sanifu ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha n, ambalo linashuka kutoka 1.70 hadi 1.14 bila hata kipimo kimoja kipya kuongezwa.

Kunakili waziwazi hutokea mara chache, ingawa kuunganisha majedwali vibaya hukuletea hali hiyo bila kujua. Kinachotokea sana ni binadamu mmoja kupimwa mara mbili na kuandikwa safu mbili, vipimo vikikaribiana bila kufanana kabisa. Jumla ya sifuri haiwezi kulifichua hilo. Kidole kinaweza, mradi ujue safu zipi ni pacha: funika baki moja na utazame pacha lake. Kama pacha tayari linakuambia, au karibu linakuambia, kilicho chini ya kidole, baki hilo halikuwa huru hata kabla hujakokotoa wastani. Katika data iliyonakiliwa, mabaki yanayojitegemea ni matano, sharti ni moja, na digrii ni 4 zilezile za mwanzo, hata programu ikiandika 9. Programu haina namna ya kujua; wewe ndiye unayejua data ilikusanywaje. Rudisha kila mtu au kila kifaa kwenye safu moja kwa kuchukua wastani wa vipimo vyake, kisha ndipo uhesabu n.